Uwiano wa odi usiposomeka sawasawa: dalili, sababu na tiba kwenye matokeo ya regresheni ya lojistiki

Mwongozo huu unaanzia pale modeli imeshaendeshwa na matokeo yako kwenye skrini. Jibu la utafiti ni ndiyo au hapana (amepona au hajapona, ana ugonjwa au hana), na kila mstari wa jedwali unadai kusema kitu kuhusu jibu hilo. Makosa mengi hutokea hapa, na mengi hayatoi onyo lolote. Programu haijui kwamba umesoma namba kinyume.

Ili kila namba iweze kuhakikiwa, tutatumia seti moja ya data iliyo wazi kwa yeyote mwenye R: `birthwt`, iliyomo ndani ya kifurushi cha `MASS`. Ina akina mama 189 waliojifungua, na data zilikusanywa mwaka 1986 katika Baystate Medical Center, Springfield, Massachusetts. Kigeu tunachokitabiri ni `low`: 1 kama mtoto alizaliwa na uzito chini ya gramu 2500, 0 kama sivyo. Kigeu cha kwanza tutakachokiangalia ni `smoke`: 1 kama mama alivuta sigara wakati wa ujauzito.

```r
library(MASS)
table(birthwt$smoke, birthwt$low)
m1 <- glm(low ~ smoke, family = binomial, data = birthwt)
summary(m1)
```

Jedwali linasema hivi: kati ya wasiovuta 115, watoto 29 walizaliwa na uzito pungufu na 86 hawakuwa hivyo. Kati ya wavutaji 74, ni 30 kwa 44. Modeli nayo inatoa mistari miwili (namba zimekadiriwa):

```
            Estimate  Std. Error  z value  Pr(>|z|)
(Intercept)  -1.0871      0.2147   -5.062    <0.001
smoke         0.7041      0.3196    2.203    0.0276
```

Namba hizi chache zinatosha kuonyesha karibu kila kosa.

## Dalili: uwiano wa odi ni hasi, au haulingani na jedwali lako

Uwiano wa odi hauwezi kuwa hasi. Ukiona mtu ameandika "uwiano wa odi ni −1.09", au amesema sigara inapunguza tatizo kwa sababu 0.70 ni ndogo kuliko 1, basi amesoma safu ya `Estimate` moja kwa moja. Safu hiyo ina kizigeu, yaani badiliko la logi asilia ya odi. Kwenye kipimo hicho mahali pa "hakuna tofauti" ni 0. Kwenye uwiano wa odi ni 1.

Dawa yake ni kuondoa logi:

```r
exp(cbind(OR = coef(m1), confint.default(m1)))
```

`smoke` sasa inakuwa 2.02, na masafa ya uhakika ya 95% yanaanzia 1.08 hadi 3.78. Lihakikishe kwa mkono, mara moja tu, ili usiwe na shaka tena. Odi ni idadi ya waliopata tatizo ikigawanywa kwa wasiolipata. Kwa wavutaji ni 30/44, yaani 0.682. Kwa wasiovuta ni 29/86, yaani 0.337. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, unapata 2.02. Modeli yenye kigeu kimoja cha ndiyo au hapana ni lazima ilingane na jedwali la mbili kwa mbili. Isipolingana, kuna watu waliodondoka kwa sababu ya taarifa zinazokosekana, au misimbo yako siyo unayodhani.

Usitumie `exp` kwenye safu ya kosa sanifu kisha ukajenga masafa kutokana nayo. Masafa hujengwa kwanza kwenye kipimo cha logi (0.7041 kujumlisha na kutoa 1.96 × 0.3196), ndipo ncha zote mbili zinaondolewa logi. Ndiyo maana 2.02 haiko katikati ya 1.08 na 3.78: upande wa juu ni mrefu zaidi, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Ukiandika `confint` badala ya `confint.default` utapata ncha zinazotofautiana kidogo na hizi, kwa kuwa njia ya ukokotoaji ni nyingine. Hilo si kosa. Taja tu umetumia ipi.

Na mstari wa `(Intercept)` je? Ukiuondolea logi unapata 0.337, ambayo ni odi ya wasiovuta. Ni odi ya kundi moja, si uwiano wa makundi mawili, kwa hiyo haina nafasi kwenye jedwali la uwiano wa odi la ripoti yako. Kuna programu zinazouchapa kwenye safu moja na uwiano halisi, na hapo ndipo watu huuripoti kama kigeu.

## Dalili: mwelekeo umepinduka

Umetarajia 2.02 ukapata 0.495, na masafa kuanzia 0.26 hadi 0.93. Thamani ya p ni ileile 0.0276. Hiyo ndiyo alama ya utambuzi: ukigawanya 1 kwa 0.495 unarudi kwenye 2.02. Modeli haijakosea hesabu. Imetabiri upande mwingine, au imegeuza kundi la kulinganishia.

Sababu hutegemea programu. Kwenye SAS, `PROC LOGISTIC` isipoelekezwa hutabiri thamani ya chini, kwa hiyo jibu lililoandikwa 0 na 1 litatabiriwa kama 0. Andika `event='1'` ndani ya mabano mara tu baada ya jina la kigeu cha matokeo: `low(event='1')`. Kwenye SPSS jibu lenye thamani kubwa ndilo hutabiriwa, lakini ukikitangaza kigeu kuwa cha makundi, kundi la mwisho ndilo huwa la kulinganishia usipobadilisha, na hapo `smoke` yenyewe hupinduka. Kwenye R, ikiwa matokeo ni maneno yaliyogeuzwa kuwa `factor`, daraja la kwanza huhesabiwa kuwa "halijatokea", na madaraja hupangwa kwa alfabeti. "Hapana" na "ndiyo" zinakaa vizuri kwa bahati tu. "Ameugua" na "mzima" zitakuletea modeli inayotabiri uzima, kimyakimya.

Stata ina mtego wake: 0 ni hapana, na thamani nyingine yoyote isiyokuwa tupu ni ndiyo. Dodoso likiwa limetumia 9 kwa "hajui", kila asiyejua amehesabiwa kuwa mgonjwa. Uwiano hautapinduka, utasogea kuelekea 1 au kwingineko bila onyo. Kwa hiyo, kabla ya modeli yoyote, chapa idadi ya kila msimbo wa kigeu cha matokeo na uhakikishe kuna aina mbili tu.

## Dalili: sentensi inasema "uwezekano ni mara mbili", lakini asilimia hazikubali

Hili ndilo kosa linalopita hadi kwenye ripoti zilizochapishwa. Uwiano wa odi ni 2.02, basi mwandishi anaandika kwamba wavutaji wana uwezekano mara mbili wa kupata mtoto mwenye uzito pungufu. Rudi kwenye jedwali. Wasiovuta: 29 kati ya 115, yaani 25.2%. Wavutaji: 30 kati ya 74, yaani 40.5%. Mara mbili ya 25.2% ni zaidi ya 50%, na 40.5% haifiki huko. Uwiano wa uwezekano wenyewe ni 1.61.

Sababu ni kwamba odi hugawanya kwa waliosalimika, si kwa watu wote. Tatizo likiwa adimu, waliosalimika na watu wote wanakaribiana, na namba hizi mbili zinafanana. Tatizo likiwa la kawaida zinaachana, na daima uwiano wa odi ndio unaokaa mbali zaidi na 1, iwe juu au chini. Watafiti wengi hutumia 10% kama mpaka wa kukadiria: kama tatizo halifiki hapo katika makundi yako, tofauti ni ndogo. Hapa tuko kwenye 25% na 40%, mbali kabisa na mpaka huo.

Tiba nyepesi ni kuandika neno lake: "odi za kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu zilikuwa mara 2.02". Ni sahihi, ila msomaji wa kawaida atalisoma kama uwezekano hata hivyo. Afadhali umpe asilimia zenyewe. Kwa modeli yenye vigeu kadhaa, njia inayoaminika ni kuiomba modeli itabiri mara mbili kwa watu walewale: mara ya kwanza kana kwamba hakuna aliyevuta, mara ya pili kana kwamba wote walivuta, kisha uchukue wastani wa kila upande.

```r
m2 <- glm(low ~ smoke + factor(race), family = binomial, data = birthwt)
p0 <- mean(predict(m2, transform(birthwt, smoke = 0), type = "response"))
p1 <- mean(predict(m2, transform(birthwt, smoke = 1), type = "response"))
c(p0, p1, p1 / p0, p1 - p0)
```

Unapata takriban 0.229 na 0.458. Uwiano wa uwezekano ni 2.00 na tofauti ni pointi 23 za asilimia, ilhali uwiano wa odi wa modeli hiyohiyo ni 3.05. Mtu aliyeandika "mara tatu" ameongeza chumvi nyingi. Masafa ya uhakika ya namba hizi yanahitaji hatua ya ziada: `margins` kwenye Stata, au kwenye R kurudia hesabu mara nyingi kwa sampuli zilizochotwa upya kutoka data yako.

Kuna mahali ambapo njia hii haifai. Kama utafiti ulianza kwa kuchagua wagonjwa, kisha ukawatafutia wasio wagonjwa wa kulinganisha nao, asilimia ya wagonjwa kwenye data imeamuliwa na mtafiti mwenyewe. Kutabiri asilimia kutoka humo ni kupima uamuzi wa mtafiti. Uwiano wa odi peke yake ndio unaobaki na maana.

## Dalili: uwiano ni 0.99 na bado thamani ya p ni ndogo

Weka `lwt`, uzito wa mama kabla ya ujauzito, peke yake kwenye modeli. Kizigeu ni −0.0141, uwiano wa odi 0.986, p = 0.023. Wengine husoma 0.986 wakasema uzito wa mama hauna athari ya maana. Kosa liko kwenye kipimo: `lwt` imeandikwa kwa ratili, na uwiano huo ni wa badiliko la ratili moja, chini ya nusu kilo. Hakuna mtu anayelinganisha akina mama waliotofautiana kiasi hicho.

Zidisha kizigeu kwanza, kisha uondoe logi. Kwa ratili 10: `exp(-0.1406)`, yaani 0.87, na masafa ya 0.77 hadi 0.98. Kwa ratili 20 ni 0.755. Usizidishe 0.986 kwa 10, wala usizidishe "pungufu ya 1.4%" kwa 20 ukasema 28%, uwiano hupandishwa kipeo, haujumlishwi. Thamani ya p haibadiliki hata kidogo unapobadilisha kipimo, na hilo ni jaribio zuri la kujua kama umekosea mahali.

Kosa pacha ni kuacha kigeu cha makundi kikasomwa kama namba. Kwenye data hii `race` imeandikwa 1 kwa weupe, 2 kwa weusi na 3 kwa wengineo. Matokeo yakionyesha mstari mmoja tu wa `race`, modeli imeamini kwamba kutoka 1 kwenda 2 ni hatua sawa na kutoka 2 kwenda 3. Ukitumia `factor(race)` peke yake kwenye modeli unapata mistari miwili, kila mmoja ukilinganishwa na weupe: 2.33 kwa weusi na 1.89 kwa wengineo. Hakuna ngazi inayopanda hapo. Kigeu chenye makundi matatu ni lazima kitoe mistari miwili. Hesabu mistari kabla ya kusoma chochote.

## Dalili: uwiano umebadilika ulipoongeza kigeu kingine

Uwiano wa `smoke` peke yake ulikuwa 2.02. Ukiongeza `factor(race)` unakuwa 3.05, masafa ya 1.48 hadi 6.29. Swali la kawaida ni lipi kati ya hayo mawili ndilo "sahihi". Yanajibu maswali mawili tofauti, lakini kwanza lazima ujue kilichousogeza uwiano, na hilo halisomeki kwenye matokeo ya modeli. Rudi kwenye jedwali, safari hii kwa kila kundi.

Kati ya wavutaji 74, wanawake weupe ni 52. Sasa angalia wasiovuta tu, kundi kwa kundi: uzito pungufu ulitokea kwa 4 kati ya 44 miongoni mwa weupe, 5 kati ya 16 miongoni mwa weusi, na 20 kati ya 55 miongoni mwa wengineo. Yaani 9%, 31% na 36%. Wavutaji wengi wametoka kwenye kundi ambalo lingekuwa na tatizo dogo hata bila sigara, na wasiovuta wengi wametoka kwenye makundi yenye tatizo kubwa. Ulinganisho wa jumla uliwapa wavutaji nafuu wasiyostahili, na sehemu ya athari ya sigara ikafichika. (`race` hapa ni alama iliyoandikwa kwenye faili la hospitali. Nyuma yake kuna kipato, huduma na mazingira, na modeli haiwezi kuvitenganisha.)

Lakini kuna sababu ya pili ambayo haihusiani na mvurugo huo, nayo ni tabia ya uwiano wa odi wenyewe. Chukua mfano wa kubuni wenye makundi mawili ya ukubwa sawa, kila moja likiwa na nusu ya watu waliotumia dawa fulani. Katika kundi la kwanza, wanaopona ni 20% bila dawa na 50% kwa dawa. Katika la pili, 50% bila dawa na 80% kwa dawa. Uwiano wa odi ni 4 kamili katika kila kundi. Wachanganye wote: 35% bila dawa, 65% kwa dawa, na uwiano wa odi ni 3.45. Dawa imegawanywa sawasawa, hakuna kundi lililopendelewa, na bado 4 imekuwa 3.45. Tofauti ya asilimia ilikuwa pointi 30 kila mahali, na imebaki 30.

Kwa hiyo, uwiano wa odi kusogea baada ya kuongeza kigeu si ushahidi tosha kwamba kigeu hicho kilikuwa kinavuruga. Kanuni ya "ukibadilika kwa zaidi ya 10%, kiache kigeu ndani" inaweza kukudanganya pale tatizo ni la kawaida na kigeu kinatabiri kwa nguvu. Ukitaka kujua, linganisha asilimia zilizotabiriwa kwa njia ya `p0` na `p1`. Kwenye data yetu tofauti ya asilimia ilikuwa 15 bila `race` na ikawa 23 baada yake. Imesogea kweli, na jedwali la makundi limeonyesha kwa nini.

Kabla ya kuandika 3.05 kana kwamba ni ya kila mtu, tazama pia uwiano ndani ya kila kundi: 5.76 kwa weupe, 3.30 kwa weusi, 1.25 kwa wengineo. Inavutia kudai kwamba sigara inadhuru kundi moja zaidi ya jingine. Tulia kwanza. Masafa ya uhakika ya weupe ni 1.78 hadi 18.6, na ya wengineo ni 0.35 hadi 4.46, yanaingiliana sehemu kubwa, na kuna visanduku vyenye watu 4 tu. Jaribu `smoke * factor(race)` na ulinganishe modeli mbili kwa `anova(..., test = "Chisq")` kabla ya kudai lolote.

## Dalili: uwiano wa mamilioni, au sifuri

Ongeza `bwt` kwenye modeli, na R itatoa maonyo haya:

```
glm.fit: algorithm did not converge
glm.fit: fitted probabilities numerically 0 or 1 occurred
```

Kosa sanifu linakuwa kubwa ajabu, z inakaribia 0, p inakaribia 1. Aliyezoea kutazama p pekee atasema kigeu hakina umuhimu, kumbe ndicho kinachotabiri kuliko vyote. `bwt` ni uzito wa mtoto kwa gramu, na `low` imetengenezwa kutokana nao: chini ya 2500 ni 1. Kigeu kinatenganisha ndiyo na hapana bila kubakiza hata mtu mmoja, kwa hiyo hakuna kizigeu chenye kikomo. Modeli inaendelea kukikuza mpaka inapokata tamaa. Stata katika hali kama hii husimama na kutoa ujumbe wa kosa, lakini kundi moja tu la kigeu likitabiri jibu kikamilifu, hukitoa kigeu pamoja na watu wa kundi hilo, ikiacha maelezo mafupi ambayo ni rahisi kuyaruka.

Hapa tiba ni kukiondoa kigeu, kwa kuwa ni jibu lenyewe lililovaa jina jingine. Kwenye data za hospitali jibu hujificha kwa namna hiyo mara nyingi: dawa inayotolewa baada ya ugonjwa kuthibitishwa, siku za kulazwa, msimbo wa uchunguzi wa mwisho. Uliza kama taarifa hiyo ilikuwepo kabla ya tukio.

Ila kama kigeu ni halali na kisanduku kimoja tu cha jedwali ndicho tupu, mathalani hakuna hata mgonjwa mmoja wa kundi fulani aliyefariki, usikiondoe. Kukiondoa ni kutupa uhusiano wenye nguvu kuliko mwingine wote ulio nao. Unganisha makundi ikiwa yanaunganika kwa maana ya kitabibu, au tumia njia ya Firth kupitia kifurushi cha `logistf`, ambayo huzuia kizigeu kukimbia na kukupa masafa yenye mwisho. Masafa hayo yatakuwa mapana sana, na uyaripoti hivyohivyo.